Mita 30 za Kijiti: Kwa Nini Timu Zetu Zinatolewa
(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu wa michezo, makocha na wakimbiaji hapa Lubumbashi. Tunayaweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Wababa na wamama, walimu wenzangu, makocha mliotoka Katuba, Ruashi, Kampemba na Kenya yetu ya hapa mjini, na ninyi vijana mliokaa pale nyuma na viatu vyenu mikononi: jambo kwenu wote, na asanteni kwa kuja.

Nimeombwa niseme juu ya mbio za kupokezana kijiti. Jambo hili ni pana, na saa moja haitoshi. Kwa hiyo leo nitaacha mara nne mita 400, nitaacha mbio za mchanganyiko, nitakaa kwenye mara nne mita 100 peke yake. Na hata humo sitazungumza juu ya kuanza wala kumalizia. Nitazungumza juu ya mita 30, zile mita 30 ambamo kijiti kinatoka mkono mmoja na kuingia mwingine. Kwa nini hizo? Kwa sababu mimi ninasimama na bendera ya njano mkononi kwenye viwanja vyetu, na ninawaambieni kweli: sehemu kubwa ya timu ninazoziona zikitolewa, zinatolewa hapo.

Tuanze na eneo lenyewe, maana wengi tunadhani tunalijua.

Chukueni mahali ambapo mita 100 za kwanza zinaishia. Rudini nyuma mita 20, pigeni mstari. Nendeni mbele mita 10, pigeni mstari mwingine. Hilo ndilo eneo. Kwa mkimbiaji wa kwanza na wa pili, linaanza kwenye mita ya 80 na kuishia kwenye mita ya 110. Eneo la pili ni kuanzia 180 hadi 210, la tatu ni 280 hadi 310. Mita 30 kila moja, na zinapimwa ndani ya njia ya kila timu, kufuata mviringo wake. Msipime kwa njia ya ndani halafu mkavuta mstari mmoja ulionyooka kukata njia zote. Njia za nje zina mviringo mrefu zaidi, na mistari yake haiwezi kukaa pamoja.

Sasa walimu, nawaomba mnisikilize vizuri. Bado naona viwanja ambako chokaa inamwagwa kwa mtindo wa zamani. Zamani eneo la kupokezana lilikuwa mita 20, na nyuma yake kulikuwa na mita 10 za kushika mwendo tu. Anayepokea aliruhusiwa kuanza kukimbia mle, lakini kijiti hakikuruhusiwa kumgusa mle. Sheria hiyo ilibadilishwa mwishoni mwa mwaka 2017. Zile mita 10 za nyuma zimeingizwa ndani ya eneo. Mstari wa mbele haukusogea hata kidogo, ni upande wa nyuma tu uliofunguka. Mwamuzi anayeshika kitabu cha zamani anaweza kuitoa timu ambayo haikukosa lolote, na watoto wakarudi nyumbani wakilia bure.

Mnataka kuona uzito wa mabadiliko hayo? Rudini Rio, mwaka 2016, fainali ya wanaume. Wamarekani walimaliza wa tatu. Walikwisha kujifunika bendera yao, wakizunguka uwanja. Halafu matokeo yakabadilika: wametolewa. Kosa lilikuwa wapi? Kwenye kupokezana kwa kwanza kabisa. Mike Rodgers alikuwa analeta, Justin Gatlin anapokea, na Gatlin alikigusa kijiti kabla hakijaingia ndani ya zile mita 20. Hakukiangusha. Hakumzuia mtu. Alikigusa mapema, basi. Medali ya shaba ikaenda Kanada. Kosa lile lile, lingetokea kuanzia mwaka 2018, lisingekuwa kosa.

Sheria inasema hivi: kupokezana kunaanza pale kijiti kinapoguswa kwa mara ya kwanza na anayepokea, na kunakwisha pale kijiti kinapokuwa mkononi mwa anayepokea peke yake. Peke yake! Kama kidole cha anayeleta bado kimeshika, bado hamjapokezana. Na yote hayo, kuanzia mguso wa kwanza hadi mwisho, lazima yatokee ndani ya mita 30. Kinachotazamwa ni nini? Ni kijiti. Si mguu, si kifua, si kichwa. Ni mahali kijiti kilipo.

Jambo hili linaleta ugomvi kila msimu. Kwenye mashindano fulani ya shule nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa mwisho wa eneo la tatu. Kijana mmoja alipokea akiwa amenyoosha mkono nyuma kabisa, na miguu yake miwili ilikwisha kuvuka chokaa. Upande wa pili watu wakapiga kelele: ametoka, ametoka! Mwalimu mmoja akaja mbio kunionyesha alama za viatu kwenye udongo mwekundu. Ni kweli, alama zilikuwa mbele ya mstari. Lakini mimi nilikuwa nimepiga magoti sambamba na mstari, nikitazama kijiti tu, na kijiti kilikuwa nyuma ya chokaa, urefu wa kiganja hivi, wakati anayeleta alipoachia. Bendera yangu haikupanda. Mwili wa anayepokea unatangulia kijiti siku zote, kwa hiyo miguu inaweza kuwa nje na kupokezana kukawa halali. Vijana, msimsumbue mwamuzi na alama za viatu.

Ila kuna jambo moja ambalo miguu inahesabiwa: kuanza. Anayepokea haruhusiwi kuanza kukimbia akiwa nje ya eneo. Lazima asimame ndani, nyuma ya miguu yake kuwe na mstari wa kuingilia. Naona vijana wanarudi hatua moja nyuma ya chokaa ili wapate mwendo zaidi. Hapo mmekwisha kutolewa kabla kijiti hakijafika.

Haya. Huko Rio kosa lilikuwa upande wa nyuma wa eneo. Sasa twende upande wa mbele, maana ndio unaotuumiza sisi zaidi.

Paris, mwaka 2024, tarehe 9 Agosti, fainali ya wanaume. Christian Coleman, mtu mwenye mwendo wa kutisha, anamletea Kenny Bednarek, ambaye alikuwa ameshinda medali ya fedha ya mita 200 siku moja kabla. Bednarek akaondoka mapema. Coleman akanyoosha mkono, hamfikii. Akanyoosha tena, hamfikii. Bednarek akalazimika kupunguza mwendo karibu asimame, wakagongana miili, na kijiti kikaingia mkononi mwake nje ya mstari. Walimaliza wa saba, kisha wakatolewa. Kanada wakashinda kwa sekunde 37.50. Na wa pili walikuwa nani? Afrika Kusini! Bayanda Walaza, Shaun Maswanganyi, Bradley Nkoana na Akani Simbine, sekunde 37.57. Vijana wanne wa bara letu, na Simbine akimalizia.

Nawauliza: kosa la Coleman na Bednarek lilitokea wapi? Kwenye mikono? Hapana. Mikono ndiyo iliyoonekana na kamera. Kosa lilitokea mita nyingi nyuma, pale anayepokea alipoinua mguu wa kwanza. Hapo ndipo mbio zilipotea. Na hapo ndipo nataka tukae leo.

Kila anayepokea anaruhusiwa kuweka alama moja katika njia yake. Moja tu. Kwenye uwanja wa tartani ni utepe wa kubandika usiozidi sentimita 5 kwa 40, wa rangi isiyochanganywa na mistari ya uwanja. Kwenye uwanja wa udongo kama mingi ya kwetu, unakwaruza ardhi kwa kiatu. Alama hii unaiweka nyuma, upande ambao mwenzako anatokea. Unasimama kwenye mstari wa kuingilia, unamtazama, na mguu wake ukifika kwenye alama, unaondoka. Unaondoka kwa nguvu zako zote, bila kugeuka tena.

Je, alama ikae umbali gani? Hapa wengi tunakisia. Tunasema "weka viatu 20", kwa sababu kaka yake aliweka viatu 20. Ngojeni tuipige hesabu pamoja, ni hesabu ya darasa la sita.

Wachukueni vijana wawili. Anayepokea, mwacheni asimame vile atakavyosimama siku ya mbio, kisha aondoke, na mpime sekunde anazotumia kumaliza mita 25. Kwa nini 25? Kwa sababu tunataka kijiti kibadilike kwenye mita ya 25 ya eneo: mwendo wake umeshapanda, na bado ana mita 5 za akiba kabla ya mstari wa mwisho. Tuseme anatumia sekunde 3.7. Anayeleta, mwacheni akimbie mita zake zote kama siku ya mbio, na mpime zile 30 za mwisho. Si za katikati, za mwisho, akiwa amechoka. Tuseme anazimaliza kwa sekunde 3.5. Maana yake kila sekunde anakwenda karibu mita 8.6.

Sasa: katika sekunde 3.7 ambazo anayepokea anakimbia mita 25, anayeleta atakwenda umbali gani? Zidisheni. Karibu mita 31.7. Lakini hana haja ya kufika pale mwenzake alipo. Wakinyoosha mikono wote wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kuna karibu mita 1 kati ya miili yao, na mita hiyo hakuna anayeikimbia na kijiti, ni zawadi. Kwa hiyo ndani ya eneo anayeleta anahitaji mita 24. Toa 24 kwenye 31.7, inabaki mita 7.7. Hapo ndipo alama inapokaa: mita 7.7 nyuma ya pale anayepokea aliposimama. Kiatu chenye sentimita 28, kisigino kwa kidole, ni viatu 27 na nusu. Anza na 27, kisha jaribu.

Mnaona? Si viatu vya kaka. Ni viatu vya wawili hawa, na ukibadilisha mmoja wao, hesabu yote inabadilika. Kocha akimwingiza kijana wa akiba asubuhi ya mashindano na kuacha alama ya jana, ameitoa timu yake mwenyewe.

Na sasa nawaonyesha kitu ambacho kilinishangaza mimi nilipokipiga hesabu mara ya kwanza. Tuseme anayepokea ameondoka mapema kidogo tu. Mwenzake bado yuko nusu mita kabla ya alama. Nusu mita ni nini? Si hata viatu viwili. Kwa mwendo ule, anayeleta anaimaliza kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hasira kidogo, kelele za watu, umeondoka. Je, nusu mita hiyo itafidiwa?

Wakifika mita ya 25, anayepokea naye anakimbia karibu mita 8 kwa sekunde. Anayeleta ana 8.6. Tofauti yao ni mita 0.6 kwa sekunde, hiyo tu. Ili kuifuta nusu mita iliyobaki, anahitaji zaidi ya nusu sekunde, karibu sekunde 0.8. Na katika muda huo anayepokea amekimbia zaidi ya mita 6. Ninyi mna ngapi za akiba? Mna 5. Mmetoka nje! Na hapo bado sijasema kwamba anayepokea anaendelea kuongeza mwendo, na anayeleta anaendelea kuchoka, kwa hiyo tofauti inazidi kupungua. Nusu mita kwenye alama inazaa mita 6 kwenye kupokezana. Ndiyo maana naomba makocha mwache kupigia watoto kelele juu ya mikono, mkawafundishe kwanza kungoja mguu ufike kwenye alama.

Na ukichelewa? Ukichelewa, mwenzako anakufikia ukiwa bado hujashika mwendo, anakukanyaga visigino, kijiti kinabadilika kwenye mita ya 12 au ya 15. Mmepoteza muda, lakini hamjatolewa. Kwa hiyo timu changa, kwenye mbio za mchujo, ipunguze kiatu kimoja au viwili kutoka kwenye hesabu yake. Iingie fainali kwanza. Kocha mwingine atasema ni woga. Mimi nimeona timu zenye mwendo mdogo zikivaa medali kwa sababu zilifika mwisho.

Mtajuaje mlikosea upande gani? Wekeni watu wawili siku ya mazoezi. Mmoja apige magoti kwenye alama, atazame kitu kimoja: mguu wa anayepokea uliinuka wakati anayeleta yuko wapi? Mwingine akae pembeni ya eneo, achome kijiti cha mti ardhini pale pale walipopokezana. Kama yule wa kwanza anasema aliondoka sawasawa, na bado mnapokezana kwenye mita ya 28, sogezeni alama karibu, viatu viwili. Kama anasema aliondoka mapema, msiguse alama. Mrekebisheni mtoto. Naona makocha wengi wanasogeza alama kila mara kutibu macho ya mkimbiaji, na mwisho wake hakuna anayejua alama inakaa wapi.

Upepo pia. Mnaujua upepo wetu wa Juni na Julai, ule wa baridi unaoinua vumbi. Ukimpiga usoni anayeleta, amepungua mwendo kuliko mlivyopima, basi punguzeni kiatu kimoja au viwili. Ukimsukuma mgongoni, ongezeni. Pimeni asubuhi ile ile, kwenye njia ile ile.

Juu ya sauti sitachelewa. Neno liwe moja, fupi, na la timu yenu. Kama timu nne zote zinapaza "Kamata!", mtoto atanyoosha mkono kwa sauti ya jirani. Na anayeleta asipaze sauti mpaka awe karibu kumfikia mwenzake, maana mtu akinyoosha mkono nyuma mapema anapungua mwendo.

Sasa niseme juu ya kijiti kikianguka, kwa sababu hapa uongo mwingi unaenezwa. Je, kijiti kikianguka mmetolewa? Hapana. Narudia: hapana! Aliyekiangusha ndiye anayekiokota. Anaruhusiwa hata kutoka kwenye njia yake, mradi asipunguze umbali na asimzuie mtu. Kikiruka mbele au pembeni, akishakiokota arudi pale kilipokuwa mkononi mwake mara ya mwisho, ndipo aendelee. Kinachoitoa timu ni mtu mwingine kukiokota. Nilimwona msichana mmoja hapa hapa mjini, kijiti kilimponyoka akiwa bado hajamkabidhi mwenzake. Mwenzake, kwa moyo mzuri, akainama akakiokota na kukimbia. Walimaliza wa pili. Nililazimika kuinua bendera, na yule mtoto aliniuliza: kosa langu ni nini, si nilisaidia? Hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Na mwisho wa yote, kijiti kikianguka, mmalizie mbio. Wanawake wa Marekani huko Rio 2016, kwenye mchujo, Allyson Felix aligongwa na mkimbiaji wa Brazili alipokuwa anamletea English Gardner. Kijiti kikaanguka. Walikiokota, wakafika mwisho nyuma ya wote. Kisha wakakata rufaa, waamuzi wakatazama picha, wakakubali kwamba walizuiwa. Brazili wakatolewa. Wamarekani wakapewa kukimbia tena jioni ile, peke yao uwanjani, dhidi ya saa tu. Walipata sekunde 41.77, wakaingia fainali, na kesho yake wakachukua dhahabu kwa 41.01 kwenye njia ya kwanza.

Kwa hiyo wewe uliyekwisha kukabidhi, unafanya nini? Unabaki ndani ya njia yako. Unapunguza mwendo hapo hapo, unasimama, unangoja timu zote zipite. Usikate kwenda kwenye majani kumkumbatia kocha. Njia ya jirani bado ina mtu anayekuja kwa mita 8.6 kila sekunde, na ukimgonga, mtatolewa ninyi, hata kama mwenzenu ameshafika mwisho wa kwanza.

Tutatoka nje sasa. Chokaa imekwisha kumwagwa, mita 30, kwa vipimo vipya. Timu za wasichana zianze kwenye njia ya pili, wavulana kwenye ya nne. Kila timu ituletee vijana wawili tu, anayeleta na anayepokea, na mtu mmoja wa kupiga magoti kwenye alama. Saa tunazo mbili, kwa hiyo tutapima timu mbili mbili, na kila kijana aandike viatu vyake kwenye karatasi kabla hajaondoka.